Rotavepa imerusha ekstrakti yote kwenye kondensa, naombeni msaada kabla ya Alhamisi

MajaniMakavu
Wakuu habari za jioni. Nipo kwenye utafiti wa masta hapa Dar, nimekwama na rotavepa. Leo mchana nimewasha pampu, presha ikaanza kushuka, nikageuka kuchukua kalamu niandike saa, nasikia tu pwaa! Kutazama, kondensa yote imekuwa kijani mpaka juu na ekstrakti yangu inachuruzika kwenye kolbu ya kupokelea. Haya majani nimeyakausha kivulini wiki mbili nikayaloweka siku tatu, roho inaniuma sana. Swali langu ni moja, bafu niweke nyuzi ngapi ili isiruke tena? Supavaiza anataka ekstrakti kavu Alhamisi.

Mkemia_wa_Jioni
Weka 40 mkuu, usizidishe. Halafu tupia vile vijiwe vya kuchemshia viwili vitatu ndani ya kolbu, sisi chuoni ndivyo tulivyofundishwa, kimiminika hakiruki kikiwa na kijiwe.

KarafuuPemba
Kijana wangu, kwa nini ujitese na mashine? Mimi huku Pemba natoa mafuta ya makonyo ya karafuu kwa mvuke, moto chini, bomba linapita kwenye pipa la maji ya baridi, mafuta yanatoka yenyewe. Mwaka jana mwanangu aliniletea moto mkali kuliko kawaida yakatoka na harufu ya kuungua, tangu hapo kuni napanga mwenyewe.

FundiVioo
Mzee wangu, yeye hataki mafuta yanayopaa na mvuke, anataka kile kinachobaki chini baada ya kimiminika kuondoka. Mdogo wangu, hujasema uliloweka kwenye nini, kolbu ilikuwa na kiasi gani, na presha uliishusha mpaka ngapi.

MajaniMakavu
Ethanoli kaka. Kolbu ya lita moja. Bafu nilikuwa nimeweka 60.

FundiVioo
Ethanoli ya asilimia ngapi? Lita moja ni ukubwa wa kolbu, mimi nauliza ulimimina kiasi gani. Na presha bado hujajibu.

MajaniMakavu
Asilimia 70, iliyobaki maji. Nilimimina kama mililita 700 ili nimalize kwa mkupuo mmoja maana huku umeme hauaminiki. Presha niliiset 72, jedwali lililobandikwa ukutani linasema maji ni 72 na mimi nina maji ndani, nikaona presha ya kutoa maji ethanoli nayo lazima itakuwa imeshatoka. Ila presha sidhani ndiyo shida kaka, kwa sababu iliporuka kolbu ilikuwa bado haijagusa bafu, nilikuwa sijaishusha. Mimi nafikiri kesho nipandishe bafu mpaka 70 na pampu ivute mwisho wake, iende haraka kabla haijapata muda wa kuruka.

KamandaMtaa
Haya sasa, chai hii hapa wadau. Kolbu haijagusa maji ya moto halafu imechemka mpaka ikaruka, imechemshwa na nini, macho ya watu? Na hayo majani hayana jina tangu mwanzo wa uzi. Huyu anachuja mambo yake anataka kufundishwa bure.

BintiMzizima
Hata mimi nimeshtuka, mtu wa masta anajaza kolbu hivyo? Taja jina la mmea basi.

MajaniMakavu
Ni mlonge. Gramu 100 za unga kwenye lita moja. Nimeshapoteza ekstrakti, naomba msinivue na utu. Sina sababu ya kudanganya.

FundiVioo
Kamanda, pale ulipoona uongo ndipo mimi nilipomwamini, maana mtu anayetunga angesema bafu lilikuwa la moto mno. Ethanoli ukiishushia presha mpaka milibar 72 inachemka kwenye nyuzi kama 23, na hii ya asilimia 70 inapanda kidogo tu hapo. Maabara ya Dar bila kiyoyozi mchana ni 28, 29. Kwa hiyo kimiminika kilikuwa na joto kuliko kiwango chake cha kuchemka kabla hata hakijaliona bafu. Presha ilipofika chini kikachemka chote kwa pamoja, kolbu imejaa robo tatu, hakuna pa kuendea isipokuwa shingoni.

Mdogo wangu, ile 72 kwenye jedwali ni ya maji matupu yachemke kwenye nyuzi 40. Ethanoli kwenye nyuzi hizo hizo 40 ni 175. Ukiwa na mchanganyiko unaanza na kile chepesi, ukianza na namba ya maji unaivamia ethanoli.

Na vijiwe, Mkemia, vinasaidia kwenye kolbu iliyokaa wima juu ya jiko. Huku kinachozuia mruko ni kuzunguka, kunatandaza ukuta mwembamba wa kimiminika, na vijiwe vyenyewe vitabaki kwenye ekstrakti uanze kuvitoa kimoja kimoja.

Mkemia_wa_Jioni
Sawa vijiwe naviacha, ila la kupunguza joto nasimamia hapo hapo.

FundiVioo
Kupunguza ni sawa, ila hata bafu lingekuwa 30 kwa presha ile ingeruka.

DadaWaMaabara
Naomba niulize kuhusu kondensa, inapozwa na nini? Mimi niliwahi kutumia maji ya bomba ya hapa Dar, yanatoka kama nyuzi 28, mvuke ukawa unapita tu bila kuganda unaishia kwenye pampu, chumba kizima kikanuka dikloromethani na kolbu ya kupokelea kavu. Siku hizi naweka ndoo ya barafu na pampu ndogo ya tangi la samaki, inazungusha maji ya nyuzi 10 hivi, barafu naongeza kila inapoyeyuka.

MajaniMakavu
Bomba dada. Barafu napata kwa muuza samaki.

FundiVioo
Basi ukipata hiyo 10, panga hivi: bafu 50, mvuke uwe kama 30, kondensa 10, kila hatua tofauti ya nyuzi 20. Mimina mililita 300 tu. Zungusha kwanza, ndipo uanze kushusha presha, kolbu ikiwa nje ya bafu. Nenda 300, ngoja, 200, ngoja, kisha kidogo kidogo kuelekea 110 huku jicho liko kwenye kolbu na mkono uko kwenye kile kibomba cha kuingizia hewa. Vipovu vikianza kupanda shingoni fungua hewa nusu sekunde, vitashuka. Ikitulia ndipo uishushe kwenye bafu. Matone yakipungua ethanoli imekwisha, ndipo uteremke taratibu kuelekea 42 kwa ajili ya maji. Kalamu iache mezani.

MajaniMakavu
Asante sana kaka. Ila kuna kitu sikusema, kile kilichorukia kwenye kolbu ya kupokelea nimeshakirudisha kwenye chupa yangu. Niliikuta hiyo kolbu ina kitu kidogo ndani kama maji, sikumwaga. Nadhani ni ethanoli ya mtu, itatoka tu.

DadaWaMaabara
Mwaga yote uanze upya. Hujui ni nini na kondensa hukuiosha.

FundiVioo
Mimi nisingemwaga, ningeiweka kando na lebo, nikaendelea na ile iliyobaki safi. Kinachopaa kitapaa, ila mabaki ya mtu mwingine kwenye kondensa hayapai, na ukienda kupima bakteria hutajua nani kaua.

MajaniMakavu
Lakini ni karibu nusu ya kazi yangu!

DadaWaMaabara
Unga umebaki?

MajaniMakavu
Upo, gramu 200.

(siku iliyofuata)

MajaniMakavu
Mrejesho. Nimeloweka unga mpya, na ile safi niliyobaki nayo nimeiendesha leo, mililita 300, barafu, bafu 50. Kwenye 130 ilitaka kupanda nikafungua hewa ikashuka. Ethanoli imetoka yote safi kabisa, haina hata tone la kijani. Sasa nimebaki na maji ya kahawia, kila nikigusa 60 linapanda povu, si mruko, ni povu jepesi linapanda polepole halishuki hata nikiongeza hewa.

FundiVioo
Hiyo ni saponini ya majani. Usilazimishe, ukilifukuza litakupeleka kondensa tena. Toa, gandisha, peleka kwenye mashine ya kukaushia kwa baridi kama ipo, ethanoli ikiwa imetoka yote itaganda vizuri.

MajaniMakavu
Ipo jengo la pili lakini foleni ni mpaka Jumatatu. Nikimimina kwenye sahani pana niweke oveni nyuzi 40?

DadaWaMaabara
Sahani ya kioo au ya plastiki?