Linki ya posti niliyoipanga Jumatatu saa 1 asubuhi inaonyesha nembo ya duka badala ya bei za dagaa. Nikague vipi kabla haijatoka?

BintiWaKirumba
Habari za jioni wakuu. Nasimamia tovuti na ukurasa wa Facebook wa duka la jumla la dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Kila Jumatatu tunatoa bei za wiki. Posti ya tovuti (tunatumia WordPress) nimeipanga ijitoe saa 1 asubuhi, na posti ya Facebook yenye linki yake nimeipanga saa hiyohiyo kwenye Meta Business Suite.

Sasa nikibandika linki kwenye kisanduku cha kupangia, kadi inayotokea chini haina kichwa nilichoandika, "Bei za dagaa Mwaloni wiki hii", wala picha ya dagaa wakiwa kwenye chanja. Inaleta jina la duka na nembo. Ndani ya WordPress nikitazama posti kabla ya kuitoa, kichwa na picha vipo sawasawa. Wateja wetu wa Shinyanga na Kahama wakiona nembo tupu wanapita, hawafungui. Na bei zenyewe hatutaki zionekane kabla ya Jumatatu, majirani nao wanauza. Nifanyeje?

MvuviWaIgombe
Dada, picha yako itakuwa kubwa mno. Ipunguze iwe ya mraba kama ya profaili, itakaa.

BintiWaKirumba
Asante kaka, ila picha haijakatwa wala haijakataa kufunguka. Inayokuja ni nyingine kabisa, na kichwa pia si chenyewe.

Sangara_Mtandaoni
Hiyo ni kumbukumbu ya Facebook. Imeshika kadi ya zamani. Ongeza `?v=2` mwishoni mwa linki, itaiona kama linki mpya na kusoma upya. Mimi ndivyo nafanya siku zote.

FundiNyakato
Mkuu Sangara, kumbukumbu ipo kweli, lakini kwa dada hapa haitoshi. Facebook ikisoma upya leo itakuta nini? Posti haijatoka. Wewe dada unaiona kwa sababu umeingia kama msimamizi. Roboti la Facebook halina nenosiri lako, linagonga mlango kama mpita njia na kukuta hakuna kitu. Tovuti nyingi zimewekewa plagini inayompeleka mgeni ukurasa wa mbele pale anapofuata linki isiyokuwepo. Ndiyo maana unapata jina la duka na nembo: hiyo ni kadi ya ukurasa wa mbele.

Hakikisha mwenyewe. Fungua `developers.facebook.com/tools/debug`, bandika linki, halafu usikimbilie picha. Tazama kwanza sehemu iliyoandikwa Redirect Path. Ukiona linki yako imeishia kwenye anwani tupu ya tovuti, basi ni hilo. Kama una kompyuta yenye terminali, hii inakuonyesha takriban anachokisoma mgeni:

```
curl -sL https://ANWANI-YAKO/bei-dagaa/ | grep -i "og:"
```

Ikileta `og:title` yenye jina la duka, umepata jibu.

BintiWaKirumba
Nimeangalia kaka. Redirect Path inaishia ukurasa wa mbele, kama ulivyosema. Kwa hiyo nisubiri mpaka Jumatatu saa 1?

FundiNyakato
Hapana, ukisubiri utakuwa unashindana na saa. Panga ukurasa uwe hewani tangu Jumapili jioni, ila bila bei. Kadi inatokana na vitu vitatu vilivyoko kichwani mwa ukurasa: kichwa, maelezo mafupi na picha. Bei ziko mwilini, na mwili unaweza kuujaza Jumatatu alfajiri bila kadi kubadilika.

Fanya hivi. Tengeneza Ukurasa badala ya Posti, usiuweke kwenye menyu, ili usijitokeze kwenye orodha ya habari mpya. Weka kichwa chako cha mwisho na picha ya chanja. Mwilini andika tu kwamba bei zinawekwa saa 1 asubuhi. Hapa watu wengi hunaswa: usipoandika maelezo mafupi kwa mkono kwenye plagini yako ya SEO, mara nyingi yatachukuliwa maneno ya kwanza ya mwili, na wateja wa WhatsApp wataendelea kusoma "bei zinawekwa saa 1" hadi jioni. Andika yako, kwa mfano "Dagaa wa chanja na wa mchangani, bei ya gunia na ya kilo."

Toa ukurasa, rudi kwenye ile zana, bonyeza Scrape Again. Picha isipotokea mara ya kwanza usishtuke, Facebook huichukua pembeni. Bonyeza tena baada ya muda kidogo. Upana wa 1200 kwa kimo cha 630 ndio unaokaa vizuri kwenye kadi kubwa. Ukiweka mraba, juu na chini vitakatwa, na kama umeandika neno "BEI" juu ya picha ndilo litakalopotea.

MvuviWaIgombe
Kumbe. Basi nimejifunza, mraba hapana.

Mama_Takwimu
Naongeza moja, Binti. Nenda Settings, General, tazama Timezone. WordPress ikisomeka UTC, saa 07:00 uliyopanga ni saa 4 asubuhi kwetu. Facebook itatoka saa 1 ya Mwanza, ukurasa utoke saa 4, na kwa saa tatu nzima wateja wanatua kwenye ukurasa wa mbele. Chagua Dar es Salaam. Na tena, WordPress hujitoa pale mtu anapoifungua tovuti. Kama usiku hakuna anayeingia, inaweza kuchelewa hata kama saa ni sahihi.

BintiWaKirumba
Mama shikamoo. Ilikuwa UTC! Nimebadilisha.

Mama_Takwimu
Marahaba mwanangu. Sasa angalia tena muda wa zile posti ulizokwisha kuzipanga, usidhani zimejirekebisha zenyewe.

Kwaya_Nansio
Samahani kuingilia. Sisi linki yetu ya tamasha WhatsApp haileti picha kabisa, Facebook inaleta. Picha imepigwa na kamera nzuri sana.

FundiNyakato
Uzuri wake ndio tatizo. Faili la kamera lina megabaiti kadhaa, WhatsApp inaliacha. Lishushe chini ya kilobaiti 600, hata 300.

Sangara_Mtandaoni
Lakini mkuu, `?v=2` kwangu inafanya kazi.

FundiNyakato
WhatsApp, ndiyo, kwa sababu kadi inatengenezwa na simu ya anayetuma pale anapobandika linki. Facebook inafuata `og:url` iliyoandikwa ndani ya ukurasa, na plagini nyingi huandika pale linki isiyo na `?v=2`. Inarudi kwenye kumbukumbu ileile. Huko tumia Scrape Again.

BintiWaKirumba
Nimetoa ukurasa usio na bei, nimebonyeza Scrape Again mara mbili, chanja imetokea na kichwa kipo. Je, ile posti niliyokwisha kuipanga itachukua kadi mpya yenyewe?

Sangara_Mtandaoni
Itachukua. Inasoma inapotoka.

Mama_Takwimu
Yangu ilitoka na kadi ya siku niliyoipanga. Sitaki kubahatisha.

FundiNyakato
Nimeona yote mawili, nami sipendi kuitegemea. Ifute, uipange upya sasa hivi, na uangalie kadi kwenye kisanduku kabla ya kubonyeza.

BintiWaKirumba
Nimeipanga upya, kadi ni ya chanja. Imebaki ile niliyomtumia bosi WhatsApp mchana, bado ina nembo.

FundiNyakato
Hiyo haitabadilika, imeshatengenezwa na simu yako. Mtumie nyingine, na hapo ndipo `?v=2` ya Sangara itakufaa.