Aliyetafsiri chati ya Counter-Strike kuwa "Mgeni" na "Mpiga kambi" ametuharibia gemu

Mwana Ngamiani
Jamani, nimekasirika na sifichi. Vibanda vya gemu hapa Ngamiani vimebandika orodha ya maneno ya chati "kwa Kiswahili", na kompyuta zimewekewa vitufe vya kutuma maneno hayohayo. `gg` imekuwa "Mchezo mzuri", `noob` imekuwa "Mgeni", `camper` imekuwa "Mpiga kambi". Aliyeiandika katazama kamusi tu, hajasikia watu wakicheza.

Tanga hii mgeni hukaribishwa. Ukimrushia mwenzako "mgeni wee", haumii hata kidogo. Tena hapo kuna watu wawili tofauti. `newbie` kaanza juzi na anasamehewa, huyo ni mwanagenzi. `noob` kacheza miezi na bado anajitosa mbele peke yake bila kungoja wenzake. Huyo vijana wanamwita boya, na linamchoma sawasawa.

Kilichoniudhi zaidi ni `camper`. Neno hilo lina kazi mbili. Ukiwaonya wenzako, taja mahali kwanza: "Ngazini, anavizia!" Mtu anageuka kwa neno la kwanza tu. Ukianza na "Kuna mpiga kambi", keshakufa kabla hujafika kwenye ngazi. Kazi ya pili ni kumchokoza adui mwenyewe, na hapo ndipo utani unapoingia: "Toka uvunguni, kumekucha!"

Wao wameweka kitufe kimoja kwa kazi zote mbili, tena kwa `say`, inayosomwa na pande zote. Yaani unamwonya mwenzako na papo hapo unamjulisha adui kwamba kaonekana. Anahama, wenzako wanavamia ngazi tupu, wanapigwa mgongoni. Onyo linataka `say_team`. Washeni konsoli kwenye mipangilio, kisha andikeni:

```
bind "F8" "say_team Ngazini, anavizia!"
bind "F9" "say Toka uvunguni, kumekucha!"
```

Ramani ikibadilika, badilisheni jina la mahali. Onyo la "anavizia" bila kusema wapi halimsaidii mtu.

Bwana Drafti
Umeonea kidogo. "Kapiga kambi" tunasema kila siku kwa mtu asiyebanduka mahali. Na `noob` kwa Kiswahili fasaha ni limbukeni.

Mwana Ngamiani
Kuhusu kambi una haki nusu, kaka. "Kapiga kambi ngazini" inaeleweka. Ila inasema tu kwamba mtu kakaa, haisemi kwamba kakaa akikungoja upite. Kuvizia kunabeba yote mawili. Limbukeni hapana: huyo kapata kitu kipya na anajishaua nacho. Anayenunua bunduki ghali raundi ya kwanza aliyopata pesa na kuizungusha mbele ya watu, huyo ndiye limbukeni. Boya hana hata la kujishaua.

Mama wa Makorora
Mimi sichezi, ila mwanangu anaandika hiyo `gg` gemu ikiwa katikati na wenzake wanamfokea. Ni tusi? Nimkanye?

Mwana Ngamiani
Shikamoo mama. Si tusi, kakosea wakati tu. `gg` ni kupeana mkono mechi ikiisha. Kwenye StarCraft anayeona kashindwa ndiye huiandika kwanza, kisha anatoka. Kwa hiyo ukiiandika katikati, wenzako wanasoma umekata tamaa, na ukiwa unaongoza, adui anasoma dharau. Ndiyo maana "Mchezo mzuri" haitoshi, ni kama maoni ya mtazamaji. Mshindwa aseme "Nimekubali". Mkimaliza wote, "Ahsanteni, imenoga".

Kitufe F9
Mimi `gg` ningeiacha ilivyo. Herufi mbili, kila mtu anaijua, na ukikutana na Mkorea au Mbrazili anakuelewa. Kinachotaka Kiswahili ni `ez`, maana "rahisi" haina ladha. Weka "Kama kumsukuma mlevi", uone chati itakavyowaka. Na jueni kwamba kwenye Overwatch ukiandika `gg ez`, gemu lenyewe linakubadilishia na kutoa sentensi ya kukuaibisha wewe.

Mwana Ngamiani
Kwenye `gg` nakubali, iachwe kwa mechi za nje. Ya mlevi naipenda, ila iwekwe kwa `say` na itumwe mechi ikiisha, kati ya watu wanaojuana. Ukimtumia aliyeanza leo, kesho hutamwona kibandani.

Bwana Drafti
Na "boya" je? Jioni vibanda vinajaa watoto wa miaka tisa, kumi. Utawabandikia hilo ukutani?

Kitufe F9
Watoto wenyewe ndio wanaolitumia kuliko sisi.

Mwana Ngamiani
Ukutani hapana, hapo Bwana Drafti umenibana. Lakini "Mgeni" naibandua leo, na kitufe chake nakiacha wazi mpaka mtu alete neno linalouma bila kumvunjia mtoto heshima.