Naomba ushauri: nimwandikieje mzee kwamba gari lake silichukui tena?

Wakuu habari. Nipo Ujiji, Kigoma. Nilikubaliana na mzee mmoja wa mtaani kununua Noah yake kwa milioni 9, nikatanguliza laki 5. Kwenye meseji tuliandikiana kuwa nyingine namalizia fundi akishakagua.

Fundi alifungua kofia ya rejeta injini ikiwa ya baridi kabisa, kisha akawasha. Mapovu yakaanza, na kila akikanyaga mafuta yanazidi. Chini ya kofia ya oili kuna uji mweupe. Anasema gasketi ya silinda hedi imeungua, na hedi yenyewe huenda imepinda. Hawezi kutaja gharama mpaka aifungue. Mzee huenda hajui, maana gari linatembea safari za sokoni tu.

Nimeandika hivi:

"Shikamoo mzee wangu. Nashukuru kwa kuniruhusu nilikague gari. Fundi amekuta moshi wa injini unaingia kwenye maji ya rejeta, na oili imechanganyika na maji. Matengenezo yake siyawezi kwa sasa, hivyo naomba kujitoa katika ununuzi. Kwa makubaliano yetu ya ukaguzi, naomba unirudishie laki 5 utakapojaliwa, kabla ya mwisho wa mwezi. Ni vyema gari lisiende safari ndefu kabla halijatengenezwa."

Je, hiyo "utakapojaliwa" niiondoe? Naogopa itampa mwanya wa kuzungusha, ila bila hiyo naona kama namdai mzazi. Na akisema atapunguza bei, nimjibuje?