Naomba ushauri: usaili wa usajili wa usanifu majengo, mradi wangu wa Tudor

Mwana wa Tudor: Salaam alaikum wadau. Wiki tatu zijazo nina usaili wa kusajiliwa na Bodi, BORAQS. Natakiwa nieleze mradi mmoja uliokamilika, tangu mteja alipotuita hadi jengo likakabidhiwa. Nimechagua nyumba za kupangisha hapa Tudor, ghorofa nne. Nipeleke michoro mingapi? Usingizi umenikimbia.

Mama wa Bamburi: Mwanangu, mimi mchoraji wangu alichukua nusu ya pesa akapotea, kiwanja kinaota magugu. Ukishasajiliwa nitafute.

Mzee wa Saiti: Michoro sita, saba, yatosha. Hawakuiti kuutazama mkono wako, wanataka kujua kama uliusimamia mkataba. Toa tarehe: mkandarasi alipaswa kumaliza lini, na akamaliza lini?

Mwana wa Tudor: Mkataba wa ujenzi ule wa JBC, toleo la 1999, wiki 52. Tulimaliza wiki ya 63. Masika ilikuwa kali mwaka ule, na kwenye ripoti nimeandika "muda uliongezwa kwa makubaliano".

Mzee wa Saiti: Uliongezwa na nani, wiki ngapi, kwa sababu gani?

Mwana wa Tudor: Bosi aliongeza wiki 4. Tangi la maji la chini ya ardhi lilikuwa liwe nyuma, tukakuta mwamba, likahamishiwa mbele.

Mzee wa Saiti: Nani aliyesema lihamishwe?

Mwana wa Tudor: Mimi, kwa mdomo, palepale shimoni. Bosi alikuwa safarini na mashine ya kuvunjia mwamba inalipiwa kwa siku. Barua tuliiandika wiki tano baadaye, mkandarasi alipoanza kudai. Lakini mteja hakulalamika, nami ofisi ile nimeshatoka. Sioni haja ya kulianika.

Kisauni Mpya: Usijitie presha, kaka. Mkandarasi akipewa nyongeza ya muda, hasara zake za wiki hizo zinalipwa humohumo. Mambo yamekwisha.

Mzee wa Saiti: Hapana, ndugu yangu. Nyongeza inamkinga asikatwe fidia ya kuchelewa. Hasara zake anazidai kando, kwa ushahidi wake. Sasa Mwana wa Tudor, tupige hesabu: 63 ukitoa 52 zabaki 11, ukitoa zile 4 zabaki 7. Fidia ilikuwa ngapi kwa wiki?

Mwana wa Tudor: 60,000.

Mzee wa Saiti: Basi kuna 420,000 hazina maelezo. Msanifu alithibitisha kwa maandishi kwamba kazi imechelewa? Mteja aliambiwa kuwa ana haki ya kukata? Usidhani utalificha hilo. Tarehe ulizochapa mwenyewe ndizo zitakazolitoa.

Mdau wa Dar: Huku kwetu bodi ni AQRB. Mimi niliulizwa kwa nini nilitoa cheti cha kukamilika wakati lifti haijafungwa. Nilikaa kimya mpaka nikapewa maji.

Jicho la Kongowea: Samahani, mie hadithi hii siiamini. Sehemu kubwa ya kisiwa cha Mombasa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, mchimba vyoo yeyote anajua. Leo msanifu na mkadiriaji wasahau kuweka mwamba kwenye makadirio? Huyu anatungia watu mtihani.

Kisauni Mpya: Hata mimi naanza kushuku.

Mwana wa Tudor: Wallahi si hadithi. Shimo la majaribio lilichimbwa moja tu, kona ya mbele, kwa sababu nyuma palikuwa na kibanda chenye mpangaji. Mita mbili zote udongo mlaini. Ndiyo maana makadirio hayakuwa na mwamba, na ndiyo maana nikasema tangi lije mbele. Tulipochimba pale zaidi, tukakutana na makopo na vigae. Mzee jirani akatwambia kilikuwa kisima, kimefukiwa zamani. Ikabidi kifusi chote kitolewe, tujaze zege, ndipo tujenge tangi. Wiki nyingine zikaenda.

Jicho la Kongowea: Hapo nimekuelewa. Mlipima kifusi mkadhani mmepima kiwanja.

Mzee wa Saiti: Hili ndilo la kupeleka! Shimo moja badala ya mawili, agizo la mdomo, halafu kisima. Na sasa hata zile wiki 7 sizioni za mkandarasi peke yake, maana kifusi alikikuta kwa kufuata agizo lako. Ngapi zilikuwa haki yake, siwezi kusema bila kumbukumbu za mikutano ya saiti.

Mwana wa Tudor: Ripoti nimeshachapa nakala tatu. Na bosi alinambia sehemu hiyo niiruke.

Mzee wa Saiti: Chapa upya ukurasa huo. Andika agizo lilitolewa siku gani, barua siku gani, na ungefanya nini jioni ileile: barua fupi kwa mkandarasi, nakala kwa mteja na mkadiriaji.

Mama wa Bamburi: Na bosi akikataa kutoa barua?

Mwana wa Tudor: Nimemwandikia asubuhi kumwomba nakala. Ameusoma ujumbe, hajajibu.