Tupeane uzoefu: bibi anasimulia kijiji, mjukuu anaandika prompti

MjukuuWaMarangu: Wakuu, niko Marangu kwa bibi. Yeye anasimulia kihamba, yaani shamba la nyumbani, alichokulia, mimi natengeneza picha kwa akili unde. Mwanzo niliandika kijiji cha Wachagga wa zamani. Ikaja nyika kavu yenye migunga na vibanda vya udongo. Bibi akashangaa: "Hapa ni wapi? Hata mgomba mmoja hakuna!"

Nikaacha majina, nikawa namuuliza maumbo. Nyumba je? "Nyasi kuanzia kileleni mpaka chini. Mlangoni unainama." Ng'ombe? "Humo humo ndani, na sisi." Nje ni migomba, kahawa chini yake, na mfongo, yaani mfereji wa maji. Nikaandika:

```
tall cone-shaped house, grass thatch from peak to ground, low doorway, dense banana grove, coffee bushes underneath, narrow earth water channel, steep green slope
```

Nyumba akaikubali. Mfongo akaukataa: "Huo ni mto. Mfongo mtoto anauruka." Nikaongeza `one step wide`, ukakaa sawa. Wengine mmefanyaje?

DadaKibosho: Migunga mbona rahisi, andika tu `no acacia trees`, haitakuja.

FundiPichaArusha: Dada, inategemea programu. Nyingi zinashika neno acacia na kuleta mti huo huo uliokataa. Penye kisanduku cha `negative prompt`, weka humo `acacia` peke yake, bila no. Kisipokuwepo, jaza nafasi: sema migomba imefika mpaka ukingo wa picha. Na mkitaka mlima, kagueni vilele. Ukiwa upande wa Moshi, Kibo iko kushoto na Mawenzi kulia, ila programu huchora kilele kimoja au kuvigeuza. Hapo maneno hayasaidii sana, anza na picha halisi ya mlima.

BabuUsaRiver: Vijana, mimi nina picha ya harusi ya wazazi wangu, imeliwa na maji usoni. Hiyo prompti itaurudisha uso wa mama?

FundiPichaArusha: Shikamoo babu. Itakuchorea uso wa mama mwingine. Iskani kwanza, kisha mpe fundi asafishe madoa tu, uso asiuguse.

MamaVunjo: Mimi kilichonitisha ni kingine. Mama mkwe alisema mpaka wao ulikuwa mimea ya masale. Picha ikaja na uzio wa mbao, kesho yake akawa anawasimulia wajukuu habari za uzio wa mbao! Sasa narekodi sauti mpaka amalize, ndipo naonyesha picha.

MjukuuWaMarangu: Mama, sauti ninayo. Lakini bibi alipouona ule mfongo uliokosewa ndipo alipokumbuka zamu za maji, na ugomvi wa jirani aliyefungulia maji usiku. Nisingemwonyesha, nisingeyapata hayo.

MamaVunjo: Basi andika lipi alisema kabla ya picha na lipi baada. La uzio mimi bado sijui nimrekebishe vipi mtu mzima.