Msimamizi wangu amerudisha uchafu wote niliouondoa kwenye grafu

Karani_wa_Makadara: Wanajamvi, naandika nikiwa na hasira. Kila mwezi mimi huandaa grafu ya nguzo ya malalamiko ya wateja katika maduka yetu sita hapa Nairobi, na kiolezo nilichorithi kilikuwa na mistari ya gridi kila baada ya 10, nguzo za rangi sita, na ufunguo pembeni uliomlazimu msomaji kurusha macho huku na huko ili ajue kama zambarau ni Umoja au Donholm. Juzi nilifuta mistari, ufunguo na mizani ya kushoto, nikaweka idadi juu ya kila nguzo na jina la duka chini yake, kisha nikazipaka zote kijivu isipokuwa ya Kayole, yenye malalamiko 97, niliyoipa rangi ya chungwa. Umoja, iliyofuata, ilikuwa na 46. Msimamizi alisema grafu "iko uchi", akarudisha kila kitu usiku wa kuamkia mkutano. Wakurugenzi wakabishana dakika kumi kuhusu rangi, na Kayole haikutajwa hata mara moja!

Kipusa254: Pole sana. Kwenye Excel fungua `View`, uondoe tiki kwenye `Gridlines`.

Karani_wa_Makadara: Dada, hiyo huondoa mistari ya seli. Ya grafu unabofya mstari mmoja, yote inachaguliwa, unabonyeza `Delete`.

Mzee_wa_Takwimu: Hasira yako ina haki, lakini nimeitazama picha uliyoambatisha na kuna jambo. 97 ni kama mara mbili ya 46, ilhali nguzo ya Kayole inaonekana mara tatu ya Umoja. Bila shaka mizani ya kiolezo inaanzia 20, ndiyo maana nguzo moja ina urefu wa 77 na nyingine 26. Ulipoificha, uliondoa kitu pekee ambacho kingemwonyesha msomaji kasoro hiyo. Weka `Minimum` iwe 0 kwanza, ndipo ufiche.

Jirani_Githurai: Mistari ya gridi ni takataka katika kila grafu, iondolewe tu.

Mzee_wa_Takwimu: Si katika kila grafu, kijana. Ukiwa na nguzo thelathini, namba juu yake zitagongana, na hapo mistari michache iliyofifia husomeka vizuri zaidi.

Mama_Stesheni: Kwetu wakubwa husoma ripoti iliyochapishwa bila rangi, na chungwa langu lilitoka kijivu kama zile nyingine. Siku hizi nguzo muhimu naipa rangi iliyokoza, nyingine zimepauka.

Karani_wa_Makadara: Mzee, nimefungua kiolezo na kweli ni 20, hilo ni kosa langu, kwa sababu sikukagua. Nimelirekebisha, na Kayole bado inazizidi nyingine waziwazi. Hata hivyo msimamizi anashikilia kwamba wakurugenzi huona grafu isiyo na mizani kuwa ya kitoto, na hapo sijui nimjibu nini, kwa kuwa nilipowaonyesha grafu yangu, wawili kati yao waliniunga mkono na mmoja akauliza mistari imekwenda wapi.