Mgomo kiwandani: vibarua wa muda, geti lililofungwa na mshahara wa siku za mgomo

Swali: Tuko kiwanda cha maziwa hapa Tanzania. Usuluhishi pale Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, umeshindikana na tumeshapiga kura kugoma kudai nyongeza ya mshahara. Mwajiri anasema atafunga geti, ataleta vibarua wa muda, na hatutapata hata senti. Haya yote anaruhusiwa?

Afisa utumishi: Kufunga geti anaweza, akiwapa notisi ya saa 48. Vibarua pia anaweza kuwaleta, ilimradi mikataba yao iwe ya muda na nafasi zenu zibaki. Maziwa hayasubiri mgomo uishe. Na asiyefanya kazi halipwi, hapo hamna ubishi.

Wakili wa kazi: La vibarua sivyo, dada. Kifungu cha 76 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza kuajiri watu wa kushika nafasi za waliogoma kihalali, na hata za wale ambao mwajiri mwenyewe amewafungia nje. Mkataba uwe wa siku tatu au wa mwaka, katazo ni lilelile. Kifungu hichohicho kinawakataza wafanyakazi kusimama getini kuzuia au kushawishi wenzao. Kwa hiyo sheria imemnyima mwajiri vibarua, na imewanyima wagomaji nafasi ya kusimama getini. Ukiondoa upande mmoja tu, mizani inavunjika. Ndiyo maana naona hoja ya maziwa haitoshi.

Msimamizi wa zamu: Afrika Kusini mbona wanaruhusu?

Wakili wa kazi: Wanaruhusu, isipokuwa pale mwajiri anapofungia watu nje bila mgomo kutangulia. Huko pia wagomaji wana haki ya kusimama getini kwa amani. Huwezi kuchukua nusu ya mfumo wao.

Dereva wa lori: Sisi hatujalipwa ovataimu ya miezi minne. Nasi tugome kwa njia hiyo?

Katibu wa tawi: Hapana, ndugu yangu. Ovataimu ni haki iliyokwishapatikana, sheria inaiita malalamiko, na huwezi kugomea malalamiko. Jaza fomu CMA F.1 uipeleke Tume. Usuluhishi ukishindikana, shauri linaendelea kwa mwamuzi. Mgomo ni wa mgogoro wa maslahi, yaani jambo ambalo bado hamjakubaliana, kama nyongeza. Ukigoma kwa ovataimu, mgomo si halali, na zile kinga zote, la vibarua likiwamo, zinaondoka.

Kwa muuliza swali: chunga karatasi zako. Kura ipigwe kwa utaratibu wa katiba ya chama, na walio wengi kati ya waliopiga wakubali. Siku 30 za usuluhishi ziwe zimekwisha, au kama mlikubali kwa maandishi kuziongeza, huo muda wa nyongeza uwe umepita. Ndipo notisi ya saa 48 iende kwa mwajiri. Pata sahihi na saa ya kupokelewa kwenye nakala, maana ubishi wa mahakamani mara nyingi unaanzia kwenye saa.

Mhasibu wa mishahara: Nije kwenye senti. Chukua mshahara wa 520,000 kwa mwezi, wiki ya siku sita. Gawa kwa 4.333, unapata karibu 120,000 kwa wiki, yaani 20,000 kwa siku. Mgomo wa siku tisa unakata 180,000, zinabaki 340,000. Hapo afisa utumishi yuko sahihi.

Lakini kifungu cha 83 kinamtaka mwajiri aendelee kuchangia mfuko wa hifadhi, sehemu yake na ya mfanyakazi. Kwa asilimia 10 kila upande, mchango kamili ni 104,000. Watu wa mishahara huingiza 340,000 kwenye mfumo, nao unatoa 68,000 tu. Ukitaka kujua, angalia taarifa yako ya NSSF ya mwezi ule: mchango ukishuka kwa kiwango kilekile cha mshahara, basi siku za mgomo hazikuchangiwa. Ile 18,000 ya sehemu yako kwa siku za mgomo mwajiri anaweza kuikata ukirudi kazini. Ile 18,000 yake ni mzigo wake.

Msimamizi wa zamu: Na wanaokaa nyumba za kampuni? Wanatolewa?

Wakili wa kazi: Hawatolewi. Makazi na chakula vilivyo sehemu ya ujira vinaendelea mgomo wote. Baadaye mwajiri anaweza kudai thamani yake kwa makubaliano, na mkishindwana anafungua shauri Mahakama ya Kazi. Hawezi kujikatia mwenyewe.

Afisa utumishi: Nakubali la vibarua, sikulijua. Lakini chakula cha mchana cha kantini? Kwenye mkataba hakimo, tunakitoa kwa walioingia zamu tu.

Katibu wa tawi: Kimetolewa miaka mingi kila siku. Kwangu ni ujira.

Wakili wa kazi: Kwangu kinategemea zamu, kwa hiyo asiyeingia hana. Ila mkataba wenu wa hali bora, ule wa chama na mwajiri, ukikitaja, nitabadili neno langu. Utazame kabla ya notisi.